Mwombee Mgonjwa, Ugonjwa Wake Mwachie Mwenyewe



Hebu fungua lile grupu lenu la dua la WhatsApp uangalie lina watu wangapi. Sio wale unaowakumbuka, hapana, ile idadi yenyewe iliyoandikwa pale juu. Wengi wetu tunadhani tunaongea na watu ishirini wa darsa, kumbe mna watu mia na themanini. Kuna walioingia kwa linki wakati wa Ramadhani, kuna aliyehamia Nairobi miaka mitatu iliyopita, kuna shangazi ya mtu, kuna nambari tatu ambazo hata admini hajui ni za nani. Na humo ndimo tunamoandika, "Jamani tumwombee Fulani, amepatikana na ugonjwa fulani, yuko hospitali fulani, wodi fulani."

Nia ni nzuri, sina shaka na hilo. Ila mimi naona ujumbe wa kumwombea mgonjwa hauhitaji ugonjwa ndani yake, na mara nyingi hauhitaji hata jina. Nataka tuliangalie hili kwa utaratibu, manake ni jambo dogo la mistari mitano tu lakini linaweza kumharibia mtu kazi, nyumba, ndoa na hata matibabu yenyewe.

Chukua mfano wa dada mmoja anayefunza madrasa hapa Mombasa. Amekohoa wiki nne, amekonda, usiku anatoka jasho. Amepimwa, akaambiwa ni kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Siku mbili baadaye hali ikamzidi, akalazwa. Rafiki yake wa karibu akaandika kwenye grupu: "Assalaam aleikum. Naomba dua zenu kwa mwalimu wetu Bi Fulani binti Fulani, amelazwa tangu jana na tibii, hali yake si nzuri. Yuko wodi ya wanawake ghorofa ya pili. Nambari ya mumewe ndiyo hii, mwenye chochote atume."

Ujumbe ule unaingia saa kumi. Kufikia Maghrib umeshafika kwenye grupu la wazazi wa madrasa. Aliyeufowadi huko naye hakuwa na nia mbaya, alitaka dua zaidi. Lakini mzazi anaposoma neno tibii hasomi dua. Anawaza mwanawe aliyekuwa amekaa mbele ya yule mwalimu. Kesho yake watoto sita hawaji. Wiki ijayo mwenye nyumba anauliza kama ni kweli. Na kwa vile wako watu wengi ambao kwao kifua kikuu na ukimwi ni kitu kimoja (si kitu kimoja, wako wengi wanaougua kimoja bila kingine), mashemeji wanaanza kumwangalia mumewe kwa jicho jingine.

Sasa sikiliza linalofuata, ndilo linaloniumiza zaidi. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita. Sio dozi ya wiki moja, ni miezi sita ya kurudi kliniki kuchukua dawa na kuzimeza bila kukatiza. Mtu akiziacha njiani, vile vijidudu vinaweza kuwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa magumu na marefu zaidi. Dada ambaye mtaa mzima umeshajua ugonjwa wake atapita vipi mbele ya maduka kila mara kwenda kuchukua dawa zake pale pale kila mtu anapomwona? Wako wanaoamua kutokwenda. Ujumbe ulioandikwa ili apone unaweza kuwa ndio uliomkatisha dawa.

Najua utasema, "Lakini ugonjwa wenyewe unaambukiza, si ni haki ya watu kujua?" Swali hilo ni la haki kabisa na nalichukulia kwa uzito. Jibu ni kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Mtu akipatikana na kifua kikuu, wahudumu wa afya wana utaratibu wa kuwafuata waliokaa naye karibu, kuanzia watu wa nyumbani kwake, wakawauliza dalili na kuwapima. Wanaohitaji kupimwa wanatafutwa mmoja mmoja na mtu anayejua anachokifanya, na anayejua kuwaeleza kwamba mgonjwa akishaanza dawa zinazomfaa, kwa kawaida uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana baada ya wiki chache. Grupu la dua haliwezi kazi hiyo. Linachoweza ni kutangaza hofu bila kipimo. Ukiwa na wasiwasi kweli kuhusu watoto wa madrasa, mwambie mgonjwa au mumewe awape wahudumu wa kliniki habari za darasa lile, au uende wewe kliniki ukaulize. Usipitishie kwenye grupu.

Haya, na dua yenyewe je, inahitaji nini? Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Abu Dardaa (R.A.) inayotufunza kwamba Muislamu akimwombea nduguye asiyekuwepo, malaika huitikia amin na kumwombea mwombaji mfano wa hayo. Angalia vizuri, hakuna sharti la kumjua mgonjwa anaumwa nini. Allah (S.W.T.) anamjua mja wake kuliko daktari. Wako wanaong'ang'ania, "Tupe jina na jina la mama yake ndio dua ipate pa kufikia." Sharti hilo halimo katika mafunzo hayo. Ukisema "Ya Allah, mponye yule mwenzetu tuliyeombwa tumwombee", Mwenye kuombwa anajua ni nani.

Na hapo hapo kwenye Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaeleza maswahaba maana ya kusengenya: ni kumtaja nduguyo kwa jambo ambalo angechukia kutajwa nalo. Akaulizwa, je, kama jambo lenyewe ni kweli analo? Akajibu kwamba likiwa ni kweli ndiyo kusengenya kwenyewe, na likiwa si kweli ni kumzulia. Sisemi kwamba kila anayetaja ugonjwa amesengenya. Kama mgonjwa mwenyewe amekubali utajwe, hachukii. Ila kile kisingizio chetu cha "si nimesema ukweli" hakitusaidii hapa.

Sheria ya nchi nayo imesema kitu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, zikiwemo habari za familia ya mtu na mambo yake ya ndani zisianikwe bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa katika zile nyeti. Na kuhusu VVU kuna sheria yake ya mwaka 2006, inayokataza kutoa majibu ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi. Lakini usikimbilie kumtisha admini na kesi. Ile sheria ya data inaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, kwa hivyo grupu la marafiki kumi si sawa na grupu linaloendeshwa na kamati ya msikiti au chama kilichosajiliwa. Wenye kamati, nyinyi ndio mnaotakiwa kuwa macho zaidi.

Sasa tuandike ujumbe. Kabla ya kugusa simu, kwanza mwulize mgonjwa. Na namna ya kuuliza ina ufundi wake. Ukimwuliza mtu aliye kitandani, "Naweza kuwaambia watu wakuombee?" atasema ndiyo, nani atakataa dua? Lakini ndiyo yake ilikuwa ya dua, haikuwa ya jina wala ya ugonjwa. Kwa hivyo mwulize kimoja kimoja. Jina lako nilitaje? Ugonjwa niutaje, au niseme tu unaumwa? Unataka watu waje kukuona, au upumzike kwanza? Halafu msomee ujumbe wenyewe kabla hujautuma, neno kwa neno. Hapo ndipo utamsikia, "Aa, hapo pa hospitali toa." Kama hawezi kuongea, mwulize aliye karibu naye kabisa, mume, mke au mzazi, na uandike kidogo iwezekanavyo. Ya kuongeza yanaweza kungoja mpaka azinduke, ilhali yaliyokwisha kutoka hayarudi.

Tuseme yule dada wa madrasa amesema: dua nazitaka, jina hapana, ugonjwa hapana, wageni bado. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kuna mja wa Allah anayetuhusu ambaye anaumwa, na ameomba tumkumbuke kwa dua. Ameomba pia jina lake na hali yake vibaki kwake. Leo baada ya Isha kila mmoja pale alipo amwombee Allah ampe shifaa ya haraka, ampunguzie maumivu, na awape subira wanaomuuguza. Tafadhali tusiulizane wala tusibashiri ni nani, na ujumbe huu tusiutoe nje ya grupu. Anayependa kusaidia kwa chakula au pesa aniandikie mimi pembeni. Ijumaa nitawaletea habari, inshallah."

Tuupitie, manake kila neno lina sababu.

Nimeandika "mja wa Allah anayetuhusu". Sikuandika "mwenzetu wa humu ndani". Kama grupu lina watu mia na themanini, hilo la pili lingepita. Lakini likiwa la watu kumi na wawili, kila mtu ataanza kuhesabu nani hajajibu tangu jana, na kwa dakika tano jibu watalipata. Grupu likiwa dogo, maneno yawe mapana zaidi.

Sikuandika "dada yetu". Lugha yetu imetupa msaada hapa ambao lugha nyingine hazina: ukisema "anaumwa" au "mwombeeni", haijulikani ni mwanamume au mwanamke. Ukiandika "dada yetu" umeshaondoa nusu ya watu. Ukiongeza "mwalimu" umebakisha wanne. Ukiongeza "mama wa watoto watatu wa kule Majengo" umeshamtaja, hata kama jina hukuliandika. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanadhani siri ni jina peke yake. Vidokezo vitatu vidogo vikikutana vinafanya kazi ya jina.

Sikutaja mahali. Hospitali yenyewe huenda haisemi kitu, lakini wodi inasema. Wodi ya wazazi inasema. Kliniki ya kuchukulia dawa za VVU inasema. Hata siku zinasema: ukiandika "tumwombee kila Jumatatu na Alhamisi anapoenda kwenye mashine", watu wanajua ni figo. Na tukiwa kwenye ukurasa huu wa haki, niongeze jambo. Kama mgonjwa ni kijana aliyejeruhiwa kwenye maandamano au aliyetoka seli akiwa na majeraha, mahali alipolazwa si jambo la aibu, ni la usalama wake. Hapo usiandike hata mtaa.

Nimeweka wakati, "leo baada ya Isha", na nimeeleza cha kuomba. Watu wakipewa kitu cha kufanya, wanapunguza kuuliza. Grupu linaloachiwa "tumwombee jamani" bila zaidi linajaa maswali: nani? anaumwa nini? tangu lini? Ukitaka waombe kwa maneno yaliyopokewa, ipo ile dua ambayo Bi Aisha (R.A.) alieleza kwamba Mtume (S.A.W.) akiwasomea wagonjwa wa nyumbani kwake huku akiwapangusa kwa mkono wa kulia, akimwomba Mola wa watu aondoe dhiki na alete uponyaji usioacha maradhi nyuma. Ustadh wenu anaijua, mwambieni airekodi kwa sauti mumsikilize. Wallahi hiyo ina faida kuliko picha ya mtu akiwa na mirija puani.

Picha, ndiyo. Usitume. Mgonjwa aliyelala hajakupa ruhusa, na mara nyingi nyuma yake kuna mgonjwa mwingine ambaye hata humjui.

Tukirudi kwenye ujumbe wetu, habari ya pesa nayo ina mtego wake. Ukiweka nambari ya mgonjwa au ya mumewe, umemtaja, manake ukimtumia mtu kwa M-Pesa jina la mwenye laini linakutokea kwenye simu. Kwa hivyo pesa zipokelewe na mtu wa tatu. Lakini hapo inakuja hofu nyingine ya haki: tapeli naye anaweza kusema kuna mgonjwa asiyetaka kutajwa, akala pesa za watu. Dawa yake ni kuwe na watu wawili, wanaoaminika na grupu zima, wanaomjua mgonjwa kweli na waliokwenda kumwona au kuongea na familia. Mmoja anapokea, mwingine anathibitisha kwamba zimefika. Kisha grupu linaambiwa, "Zimepatikana shilingi elfu kumi na nne, zimemfikia mwenyewe leo asubuhi." Hesabu iwe wazi, mtu abaki nyuma ya pazia. Mtu akisema hatoi shilingi bila kujua jina, sawa, ni haki yake. Asitoe. Dua bado anayo.

Kuna wakati jina linahitajika. Mgonjwa anatakiwa kuongezwa damu, na anayekwenda kujitolea huulizwa anatolea nani. Hata hapo grupu linahitaji kujua kundi la damu na saa ya kwenda, basi. Jina mpe yule tu aliyesema "mimi nipo tayari, nakwenda", na umpe pembeni. Na wako wagonjwa wanaotaka kutajwa kabisa. Mzee anayetaka wanafunzi wake wote wajue, wamjie, wamsomee. Usimlazimishe siri asiyoitaka. Mwenye ugonjwa ndiye mwenye kuamua, pande zote mbili.

Ujumbe umetoka. Sasa ndio kazi ya admini inaanza, na hapa mimi naona magrupu mengi yanaharibika hata kama ujumbe wa kwanza ulikuwa safi. Dakika kumi hazipiti, mtu anaandika, "Allah amponye. Ni Bi Fulani sio? Juzi nilimwona kliniki akikohoa sana." Unafanya nini?

Kitu cha kwanza, futa ule ujumbe. Admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake, sio wake peke yake. Kitu cha pili, usimgombeze hapo hapo mbele ya watu. Ukiandika, "Ndugu, tulisema tusitaje majina!" umewathibitishia wote kwamba jina lililotajwa ndilo. Mwandikie pembeni kwa upole, mwambie umefuta na kwa nini. Kwenye grupu andika jambo la jumla tu, "Tuendelee na dua, tusibashiri," au ulifunge kwa muda, ile mipangilio ya maadmini pekee kuandika.

Kitu cha tatu ni kigumu zaidi: usikanushe. Mtu akiuliza, "Ni Ustadh Fulani?" na kweli si yeye, unatamani kusema hapana ili atulie. Ukisema hapana kwa wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, siku watakapomtaja wa nne ukanyamaza, umeshasema. Jibu liwe lile lile kwa kila jina, la kweli na la uongo: "Tumeombwa tusimtaje, kwa hivyo sitasema ndiyo wala hapana kwa mtu yeyote." Litasikika kavu mara ya kwanza. Mara ya pili watu wanazoea.

Na usitegemee sana vitufe. Ujumbe wako mwenyewe unaweza kuufuta kwa wote kwa siku mbili na kitu hivi, baada ya hapo hauwezi. Unaweza kuweka ujumbe upotee wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kwa grupu la dua mimi ningeweka 7. Lakini aliyeshapiga skrinishoti ameshapiga, na aliyefowadi nakala yake iko kwingine ambako admini hana mkono. Hata aliyesomewa kwa sauti na mwenzake kwenye matatu ameshasikia. Kinacholindwa kweli ni kile ambacho hakikuandikwa.

Kuhusu stetasi, hii ni ya vijana hasa. Umeona ujumbe wa dua, umeguswa, unaweka stetasi: "Pole mwalimu wangu, utapona inshallah" na emoji ya kulia. Hukumtaja. Lakini wanaokuona wanajua mwalimu wako ni nani. Ukitaka kumpa pole, mwandikie yeye, na ukimwandikia usimwulize ugonjwa. Mwambie, "Nimekukumbuka kwenye dua leo, usijisumbue kunijibu." Akitaka kukueleza, atakueleza. Na hapa kuna ulizo la kujiuliza: kama alikuwa hakukwambia, wewe umejuaje ni yeye? Huenda hata kumwandikia kunamjulisha kwamba siri imetoka, na usiku huo asilale. Kama hukuambiwa na yeye wala na familia yake, omba kimya kimya.

Kwa wale mnaohofia kwamba dua bila jina haina joto, kwamba watu hawatajali mtu wasiyemjua, mimi siamini hivyo. Tunasimama kila Ijumaa tunaitikia amin kwa wagonjwa wa Kiislamu wote, imamu hajatutajia hata mmoja. Kinachopoteza joto ni kimya baada ya hapo. Ujumbe wa kwanza umetumwa Jumatatu, halafu hakuna neno wiki mbili, watu wanaanza kutafuta habari wenyewe, na wakitafuta watazipata kwa njia mbaya. Ndio maana kwenye ule ujumbe niliweka Ijumaa. Ahadi ya siku inanunua subira ya siku nne.

Ijumaa ikifika, mwulize tena mgonjwa, manake mambo hubadilika: aliyekataa kutajwa Jumatatu huenda leo ametulia na anataka kuonwa, na aliyekubali huenda amejuta. Kama bado anataka vile vile, andika mistari miwili tu, kabla ya watu kwenda kuswali: "Assalaam aleikum. Yule tuliyeombwa tumwombee anawashukuru, alhamdulillah amepata nafuu kidogo na jana aliweza kula. Bado safari ni ndefu, tusimsahau kwenye sijda zetu za leo." Kama hali haijabadilika, sema haijabadilika. Na ikiwa qadari ya Allah imekuja kinyume na tulivyoomba, ngoja. Familia ndiyo inayotoa tanzia, kwa jina wanalolitaka na kwa wakati wanaoutaka. Wewe uliyekuwa unaleta habari hulazimiki kuandika kwamba "yule tuliyekuwa tukimwombea ndiye huyu". Kaswali jeneza pamoja na wengine.